Shangazi, nimtumie Hajati salamu za Iddi asubuhi, ama ataona namkumbusha pesa?

Shangazi, pole na kazi. Mimi ni kijana wa miaka 26, kwetu ni Arua lakini niko Kampala, nashika stoo kwenye duka la jumla huku Kikuubo, tunauza sukari, mchele, mafuta ya kupikia na sabuni. Bosi wangu ni mama Mnubi wa Bombo, wote tunamwita Hajati, na dukani tunaongea Kiswahili. Mimi ni Mkatoliki. Hajati ni mkali kwa hesabu lakini ni mtu mzuri, Krismasi hajawahi kutuacha bila mchele na sukari, na asubuhi ya Krismasi anatupigia mwenyewe mmoja mmoja.

Sasa Iddi ya kumaliza mfungo inakaribia na nataka kumtumia meseji asubuhi ile, kwenye namba yake, siyo kwenye grupu. Shida ni kwamba nilimwomba advansi ya laki tatu nimalizie fizi ya mdogo wangu kabla ya mitihani, akaniambia "tutaongea Iddi ikipita". Hajakataa, hajakubali. Nikituma salamu naona kama nitakuwa namkumbusha pesa. Nisipotuma, wenzangu wanne wote watatuma na yeye atasema nimenuna. Mmoja wao ananiambia mimi si Muislamu, nikisema Iddi Mubarak najipendekeza tu. Mwingine anasema nitume ile picha ya msikiti na maua, ati ndiyo heshima.

Nimeandika hii, naomba uiangalie:

"Asalaam aleikum mama yetu mpendwa Hajati. Hongera kwa kumaliza siku 30 za mfungo mtukufu. Taqabbala Allahu minna wa minkum. Wewe ndiye nguzo yetu, bila wewe sisi si kitu. Mungu akuongezee biashara mara mia ili uzidi kutukumbuka sisi watoto wako. Tunangojea Iddi yetu. Ramadhani Mubarak."

Mwisho naweka emoji za waridi na mioyo miwili. Nataka kutuma saa kumi na mbili asubuhi ili niwe wa kwanza. Ama niache kabisa?

Kijana wa Kikuubo

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, asante kwa kuniamini. Nimejaribu kuisoma hiyo meseji jinsi Hajati mwenyewe atakavyoisoma na nitaifikia, lakini wacha nianze na lile jibu lake la "Iddi ikipita", maana naona ndilo linakusumbua kuliko salamu yenyewe.

Wewe umelichukua kama mtu anayekukwepa. Inawezekana. Lakini wewe ndiye unashika stoo, hebu angalia mwezi huu pesa ya Hajati iko wapi. Ramadhani kwa duka la sukari na mchele ni mwezi wa kujaza mzigo, watu wanafuturu kwa uji na chai kila jioni, sukari inatoka mpaka unashangaa, halafu zile siku za mwisho mchele wa pilau na mafuta ndio vinakimbia, kwa hiyo pesa yake nyingi imelala kwenye magunia, na pengine mzigo mwingine ni wa mkopo na mwenye mali anangoja sikukuu ipite aje alipwe. Juu ya hiyo kuna zaka. Wengi wetu Waislamu tunapenda kutoa zaka ya mali ndani ya Ramadhani, na mfanyabiashara anapiga hesabu ya mzigo ulioko dukani pamoja na pesa taslimu, anatoa madeni anayodaiwa, halafu inayobaki anaitolea asilimia 2.5. Yaani kwa kila milioni 10 inatoka laki mbili na nusu. Sasa mtu yuko katikati ya hesabu hizo, wewe unamwomba laki tatu, anakwambia tutaongea Iddi ikipita. Mimi sipo moyoni mwake siwezi kukuapia, lakini hilo linaweza kuwa jibu la kawaida kabisa la mtu ambaye bado hajui atabaki na ngapi mkononi. Nakwambia hivi kwa sababu mtu akiandika salamu huku ameshaamini kwamba anakwepwa, wasiwasi unaingia kwenye maneno, na kwenye meseji yako umeingia.

Umeingia hapa, kwenye "tunangojea Iddi yetu". Sisi Uganda tumezoea, Krismasi ikifika kila mtu anadai Krismasi yake, Iddi ikifika anadai Iddi yake, askari wa geti anadai, boda wa steji anadai, mpaka mteja anaingia dukani anauliza Hajati Iddi yangu iko wapi, watu wanacheka, anapewa ya soda ama hapewi, maisha yanaendelea. Kwa mdomo, mbele ya watu, ni mchezo na kila mtu anaujua. Lakini maneno yale yale ukiyaandika kwenye namba ya mtu peke yake, asubuhi, na wewe una ombi lako linangoja jibu, kicheko kinatoka, kinabaki kudai. Wenzako wanne wanaweza kuandika hivyo hivyo na Hajati akatabasamu, kwa sababu wao hawana kitu kinachongoja. Wewe unacho. Hiyo ndiyo tofauti yako na wao na ndiyo inafanya usinakili meseji yao.

Na ile ya "Mungu akuongezee ili uzidi kutukumbuka" ni ombi lile lile limevaa dua. Iangalie vizuri, unamwombea yeye au unajiombea wewe kupitia kwake? Ukiondoa kuanzia "ili" kwenda mbele, inabaki dua safi ya mtu kumwombea mtu.

Wacha nipite kwenye mengine haraka, halafu nirudi kwenye saa kumi na mbili yako.

Siku 30 usizihesabu. Mwezi wetu unaweza kuisha siku ya 29 ama ya 30, inategemea mwezi mwandamo, kwa hiyo unaweza kuandika 30 na watu wamefunga 29. Lakini hata ikiwa 30 kweli, kuna jambo lingine ambalo pengine hakuna aliyekuambia, mwanamke kuna siku katika mwezi hafungi, na mgonjwa hafungi, na msafiri anaruhusiwa kula, hizo siku mtu anazilipa baadaye kimya kimya yeye na Mola wake. Kijana wa kiume kumwandikia bosi wake mwanamke hongera kwa kumaliza siku zote, hata kama hukuwa na maana hiyo, unagusa mahali ambapo hata ndugu zake hawagusi. Sema tu Mungu akupokelee swaumu yako, hapo umemaliza na hukuhesabu chochote.

Ile Taqabbala Allahu minna wa minkum ni dua nzuri sana, tunapeana sisi kwa sisi, mtu aliyefunga na mwenzake aliyefunga, kila mmoja anaomba yake na ya mwenzake zipokelewe. Wewe hukufunga. Hajati hatakasirika, wengi wanaituma, lakini itasikika kama kitu umekiokota kwenye simu ya mtu mwingine, wakati dua yako mwenyewe kwa Kiswahili chenu cha dukani ingemfikia vizuri zaidi. Kuhusu asalaam aleikum sina neno, kama ndivyo unavyomsalimia kila asubuhi ukifungua duka, iweke, kama kila siku unamwambia Hajati umeamkaje, basi siku ya Iddi usibadilike ghafla. Ramadhani Mubarak ni ya mwezi wenyewe wa mfungo, siku ya Iddi Ramadhani imeisha, hiyo itoe kabisa maana ndiyo inaonyesha mtu ametuma bila kuangalia.

Waridi na mioyo, mwanangu, hapana, hapa nakwambia kama mama. Yule ni mke wa mtu. Asubuhi ya Iddi simu yake inashikwa na watoto, na wajukuu kama anao, na dada zake waliokuja kutoka Bombo, na mume wake yuko pale sebuleni, halafu linatokea jina la kijana wa stoo na mioyo miwili mapema alfajiri. Hata kama wote wanajua wewe ni mtoto mzuri, umewapa kitu cha kutaniana ambacho hukukusudia. Na kitu kingine, kama anatumia kile kitochi chake cha kupokelea mobail mani na wewe unatuma kwa SMS, emoji nyingi zinatokea vibox vitupu, na ukiweka emoji hata moja nafasi inapungua kutoka herufi 160 mpaka 70, meseji inakatwakatwa na wewe unalipia vipande.

Ile picha ya msikiti usiseme ni heshima zaidi. Wasapu inaweka alama ya mshale juu ya kitu kilichotumwa kutoka kwa mtu mwingine, na kikiwa kimepita mikono mingi inaweka mishale miwili, kwa hiyo Hajati anaona kabla hata hajafungua kwamba hiki kimezunguka. Siku hiyo atapokea picha kama hizo mpaka simu inajaa. Watu wanazituma kwa nia njema, sizidharau, lakini yeye Krismasi hakutumii picha, anakupigia. Huyo ni mtu wa kuthamini sauti na maneno ya mtu mwenyewe. Ningekuwa wewe ningeangalia yeye anasalimia vipi halafu nipime kwa kipimo chake, na simu yake ya Krismasi naamini huwa fupi, siyo hotuba ya nguzo na bila wewe sisi si kitu. Mtu mkali kwa hesabu akisifiwa sana anaanza kujiuliza kuna nini nyuma.

Sasa saa. Iddi hii siyo kama Krismasi ambayo tarehe 25 iko pale pale. Mwezi unatafutwa jioni ya siku ya 29, jua likishazama, na huku kwetu watu wanangoja tangazo kutoka Old Kampala kwa Mufti, redio na tivii zinalirusha usiku huo huo. Ukionekana kesho ni Iddi, usipoonekana watu wanafunga ya 30, Iddi ni keshokutwa. Tatizo linakuja pale Saudia wakitangaza mapema, picha zinaanza kuzunguka Iddi kesho Iddi kesho, na kuna Waislamu hapa wanaofuata Saudia na kuna wanaongoja tangazo la hapa, kwa hiyo kuna miaka ambayo jirani anakula pilau na jirani mwingine bado amefunga. Ukimtumia Hajati Iddi Mubarak saa kumi na mbili asubuhi na yeye ndio ametoka kula daku, ya thelathini bado anayo mbele yake, salamu yako inakuwa nzito badala ya kuwa nzuri. Usiangalie simu za watu. Angalia yeye. Atawaambia kwenye grupu kesho hatufungui, ama mtakuwa naye dukani usiku ule ule maana usiku wa kuamkia Iddi Kikuubo inachelewa kulala, mtajua kwa mdomo wake.

Hata siku ikiwa ndiyo yenyewe, saa kumi na mbili ni saa mbaya kuliko zote. Mwislamu asubuhi hiyo anaoga, anakula kidogo tende au chochote kabla ya kutoka, watoto wanavalishwa, na kama zakatul-fitri yake bado haijatoka, ule mchele au pesa inayopewa maskini, lazima itoke kabla watu hawajasimama kuswali, ikichelewa haihesabiki tena kama fitri. Halafu ni kwenda msikitini, swala ni baada ya jua kupanda, misikiti mingi inakuwa saa mbili kwenda saa tatu, na hotuba juu yake. Simu iko kimya ama imeachwa nyumbani. Meseji ya saa kumi na mbili itakuwa chini kabisa ya rundo akirudi. Kwa hiyo hiyo nafasi ya kwanza unayoitaka haipo, mwanangu. Saa nne hivi watu wametoka msikitini, wamekaa, masufuria yako jikoni, simu ndio inafunguliwa.

Lakini kuna kitu sijui kama umekifikiria. Kwetu siku inaanza jua likizama, kwa hiyo mwezi ukishatangazwa usiku ule tayari ni Iddi, takbira zinaanza, na mtu akikupa mkono wa Iddi usiku hajaharakisha hata kidogo. Na wewe usiku huo uko naye, mnafunga duka pamoja. Unaweza ukamwambia pale pale mkishusha mlango, Hajati Iddi Mubarak, Mungu akupokelee, ukapanda boda ukaenda zako, asubuhi usitume kitu. Uzuri wake ni kwamba sauti haina mambo ya kusomwa mara mbili mbili kutafuta maana, na hutakaa asubuhi nzima ukingoja tiki za bluu. Ubaya wake ni kwamba usiku ule amechoka, amefunga siku nzima na kusimama siku nzima, anahesabu pesa, anaweza asikusikie, na kama wenzako watatuma asubuhi wewe hutakuwemo kwenye simu yake. Kama hilo litakuuma, basi njia hii haikufai, hata iwe nzuri namna gani.

Njia nyingine ni grupu. Pale hakuna anayeweza kusema unamkumbusha advansi kwa sababu watu wote wanasema kitu kimoja. Lakini grupu ina tabia yake, wa kwanza akiandika Iddi Mubarak bosi wetu, wa pili ananakili, wa tatu anaongeza tunangojea pilau, wa nne anaweka stika ya mbuzi, na yako inazama humo. Kwa mtu ambaye anakupigia wewe peke yako Krismasi, kuitikia kwenye kelele za watu watano naona kidogo ni kama hukumrudishia. Labda kwako inatosha, sijui mmezoeana vipi.

Ya tatu ni ile uliyoitaka mwenyewe, meseji kwake peke yake. Hiyo hatari yake ndiyo ile ya laki tatu, na haiishi kabisa hata uandike vipi, kwa sababu yeye ndiye aliyeziweka Iddi na pesa kwenye sentensi moja. Ila kuna maneno yanayoipunguza na kuna maneno yanayoichochea. Linaloichochea kuliko yote, na najua utashawishika, ni kuandika "Hajati sikuandikii kwa ajili ya ile advansi". Usithubutu. Ukishaandika kwamba huizungumzii, umeitaja. Wala "nangoja simu yako", wala "tutaonana Iddi ikipita", maana hayo ni maneno yake yeye unamrudishia.

Nimekuandikia namna mbili, uzione jinsi zinavyosikika mdomoni, uzibadilishe ziwe zako. Ya kwanza:

"Hajati, Iddi Mubarak. Mungu akupokelee swaumu yako, akupe sikukuu ya amani na watu wako wote wa Bombo."

Halafu jina lako. Hii haina kitu cha kudai ndani yake na haina kitu cha kujibu pia, anaweza kusema amina akaendelea kupika. Ukiisoma utasema ni kavu. Labda kidogo, lakini linganisha na simu yake ya Krismasi uone kama yeye huwa anasema zaidi ya hapo.

Ya pili ni kwa kama unataka ajue kwamba unaona anavyokutendea:

"Hajati, Iddi Mubarak kwako na kwa nyumba yote. Wewe kila Krismasi unanipigia mwenyewe asubuhi, na mimi leo nimetaka nikusalimie siku yako. Mungu akupokelee. Mfurahi na watoto."

Hii ina moyo zaidi na ni ya kwako, hakuna mwenzako anayeweza kuinakili. Ona nimetaja simu yake, sijataja mchele wala sukari, kwa sababu ukitaja zawadi ya Krismasi siku ya Iddi umerudi kule kule. Hatari yake ndogo ni kwamba mtu mwenye huruma akisoma hivyo anaweza kukupigia papo hapo, na wewe ukishika simu na moyo umejaa fizi ya mdogo wako, ulimi unaweza kuteleza. Unajijua mwenyewe kama ulimi wako unashikika.

Na huyo mwenzako anayesema unajipendekeza, wacha nimjibu kwa upole. Hajati akikupigia Krismasi hajawa Mkatoliki. Anakutakia heri kwa siku yako, basi. Wewe umekulia Arua, nakisia umeshakula pilau ya Iddi kwa majirani na wao wamekula Krismasi kwenu, na hii Iddi yenyewe serikali imeiweka sikukuu ya taifa, hufungui duka siku hiyo ukiwa Mkatoliki hivyo hivyo. Kujipendekeza kupo, sikatai, lakini hakuko kwenye maneno Iddi Mubarak, kuko kwenye mtu ambaye mwaka mzima hamsalimii bosi vizuri halafu siku moja anaandika kurasa mbili. Jiulize tu, kama usingekuwa na ombi la advansi, ungemtumia? Kama jibu ni ndiyo, basi salamu ilikuwepo kabla ya pesa. Kama jibu ni sijui, hakuna dhambi, lakini pengine ile ya usiku mlangoni ndiyo itakuwa nyepesi kwako.

Hofu yako nyingine, kwamba usipotuma atasema umenuna. Inaweza kutokea, wapo mabosi wanaohesabu nani alisalimia nani hakusalimia. Lakini mtu aliyenuna anajulikana zaidi kwa anavyofungua duka siku ya kwanza baada ya sikukuu, anavyoitikia akitumwa gunia, kuliko kwa simu yake ilivyokuwa kimya. Ukiingia siku hiyo ukamwambia Hajati Iddi ilikuwaje, umesalimia. Iddi kwetu watu wanaendelea kupeana mkono siku kadhaa.

Ukituma, tuma mara moja. Tiki zikiwa bluu na hakuna jibu, usiongeze ya pili ya "Hajati umeiona?", siku hiyo anafungua meseji mbili anaitwa jikoni. Akijibu amina nawe pia, mazungumzo yamekwisha hapo. Akikuambia njoo ule pilau, na amekuambia wewe kwa jina, nenda mchana saa nane hivi, vaa vizuri, beba japo soda ama juisi, kula, salimia mume wake, rudi. Nyumbani kwake siku hiyo pesa isitoke mdomoni mwako.

Yeye mwenyewe akiianzisha, hapo ni tofauti, na uwe umejiandaa usianze kulia shida. Mwambie kiasi, laki tatu. Mwambie tarehe ya mitihani, na kama shule imekupa karatasi ya balansi uwe na picha yake kwenye simu. Halafu mwambie unavyotaka kukatwa, kwa mfano laki moja kila mwisho wa mwezi kwa miezi mitatu, kama mshahara wako unaweza kubeba hiyo na ukabaki na ya kodi na chakula, piga hesabu kabla usije ukaahidi kisichowezekana. Mtu mkali kwa hesabu hilo ndilo atakaloliuliza kwanza. Asipoianzisha, rudini dukani kwanza, wenye mali waje wachukue pesa zao, mzigo uliobaki uhesabiwe na wewe ndiye utauhesabu, halafu tafuta saa ambayo wateja wamepungua na hana mtu mbele yake, umwambie Hajati, ulisema tuongee Iddi ikipita, naweza kukaa nawe dakika tano?